Noti tano za kimulimuli: melodi moja icheke, ilie, iogope

Jamani, kabla sijasema lolote niazimeni masikio sekunde nne tu, nitaimba, na sauti yangu mtanisamehe, mimi ni mtu wa kinanda si wa kuimba. So, dooo-re sooo, miiii. Basi, imeisha. Hiyo ndo kazi yangu ya miezi minne, noti tano za melodi ya shujaa wa filamu, na leo nataka niwaeleze kwa nini ni tano na si hamsini, afu niwaonyeshe zilivyofanywa zikachekesha, zikaliza na zikatisha, bila kubadilika zikawa wimbo mwingine.

Filamu yenyewe ni fupi, katuni ya dakika 11, shujaa ni kimulimuli mdogo, yule mdudu wa usiku mwenye taa. Mwanzoni anarukaruka kwenye majani anawaka vizuri tu, katikati taa yake inazimika, afu gizani kuna popo anamwinda, mwisho taa inarudi. Hadithi ni hiyo, haina makuu. Dairekta aliniambia kitu kimoja tu, "nataka nikifumba macho nijue kimulimuli yuko kwenye sini." Nikajibu sawa, rahisi hiyo. Haikuwa rahisi.

Melodi yangu ya kwanza ilikuwa ya baa 16, yaani vipande 16 vya mapigo manne manne, na nawaambia ukweli ilikuwa nzuri, mpaka leo huwa naipiga nikiwa peke yangu. Ina mwanzo, ina kupanda, ina pale katikati inapogeuka, ina mwisho wa kufunga mlango. Nikaipeleka, dairekta akasikiliza yote, akasema wimbo mzuri sana lakini kwenye filamu yangu siusikii. Nilikasirika, sikatai. Afu nikakaa na animatiki, zile picha za michoro zenye muda kamili wa kila sini, nikaanza kuhesabu. Baa 16 kwa tempo ya mapigo 120 kwa dakika ni mapigo 64, yaani sekunde 32. Sehemu ndefu kuliko zote ambayo kimulimuli yuko peke yake bila mtu kuongea ilikuwa sekunde 9. Tisa! Melodi yangu ilikuwa haijafika hata theluthi yake, tayari bibi yake anaanza kumsemesha. Kwa hiyo kwenye kila sini watu walikuwa wanasikia kipande tofauti cha wimbo mrefu, na vipande hivyo havikufanana, sasa mtazamaji atakumbuka nini?

Ndo nikaanza upya, na safari hii sikuanza na melodi, nilianza na swali: nitaivunjia wapi? Maana melodi ya shujaa itavunjwa tu, utake usitake, sini ya huzuni itaikata, sini ya hofu itaibana, mazungumzo yataila mkia. Bora wewe mwenyewe uchague kiungio mapema ukiwa umetulia kuliko ukilazimishwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Sasa ziangalieni hizo tano moja moja. Inaanza so ya chini, inaruka kwenda do. Huo mruko ni nusu toni 5, yaani hatua tano ndogo kabisa za kinanda, na sikio linausikia kama mtu anayesimama kutoka alipokaa, nadhani mnajua nyimbo kibao zinaanza hivo. Do inatulia kidogo, re inapita haraka, afu tunaruka tena mpaka so ya juu, oktava nzima kutoka tulipoanza. Kimulimuli ametoka kwenye nyasi yuko juu. Mwisho anashuka kidogo tu, mi, anatua. Hapo kuna kitu nilikitafuta kwa makusudi: so, do, re, so, ukizipiga hizo nne peke yake huwezi kujua kama uko kwenye skeli ya meja, ile ya furaha, au ya maina, ile ya huzuni. Mjaribu wenyewe. Hazina furaha wala huzuni, zimesimama tu mlangoni. Ile ya tano, mi, ndo inayosema. Mi ndo taa. Mdudu anaruka, anaruka, anaruka, pa, anawaka.

Kwa hiyo noti nne ni mwili wa mdudu na ya tano ni mwanga wake, na nikishakuwa na hicho kiungio nina filamu nzima mkononi, maana stori yenyewe ni ya taa kuwaka na kuzimika.

Upande wa muda ni hivi. So ya kwanza ni pigo moja la kuingilia, iko kabla ya baa. Do pigo moja na nusu, re nusu, so ya juu mapigo mawili, mi mapigo matatu. Jumla mapigo 8. Ile do ndefu ikifuatwa na re fupi ndo kitambulisho, ule mdundo wa kuchechemea, taaa-ta, na huo nilijiwekea sheria kwamba sitaugusa kirahisi. Kwa nini mdundo? Kwa sababu noti nitazibadilisha, kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja chini ya melodi, nitazibadilisha (kodi za muziki, tulieni, si zile nyingine), vyombo nitavibadilisha, lazima kuwe na kitu kinachobaki. Kuna ile kazi maarufu ya Prokofiev ya 1936, Petro na mbwa mwitu, ambapo kila mhusika ana chombo chake, Petro ni fidla na ndugu zake, ndege ni filimbi, mbwa mwitu ni honi tatu. Inafanya kazi vizuri sana kwa watoto kwa sababu chombo chenyewe ndo kitambulisho, ukisikia filimbi ni ndege. Ila mimi nilijua shujaa wangu atapita kwenye filimbi, piano na selo ndani ya dakika 11, siwezi kutegemea rangi ya chombo imtambulishe. Nikafanya jaribio la kijinga kabisa: nikagonga mdundo mezani kwa kidole, bila noti, mbele ya mwenzangu aliyekuwa amesikia melodi mara mbili tatu. Akasema "ah, mdudu wako." Nikajua imekaa.

Sini za furaha sitakaa nazo sana, maana ndo kazi nyepesi. Tempo 120, na hiyo namba haikutoka hewani. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, mapigo 120 kwa dakika maana yake kila pigo ni nusu sekunde, yaani fremu 12, na animeta wetu alikuwa amechora kimulimuli akiruka jani hadi jani kwa fremu 12 kila mruko. Tukakutana bila kusukumana. Filimbi inabeba melodi, fidla zinadonolewa kwa vidole badala ya kupigwa kwa upinde, kodi ya do, afu ya so, afu tunarudi do chini ya ile mi. Kosa nililofanya pale ni moja, mwanzoni niliweka kila noti ya melodi juu ya kila mruko, tua-noti, tua-noti, na kimulimuli akageuka kichekesho, kila akigusa kitu muziki unamwiga. Hiyo inafaa paka akianguka ngazi. Shujaa ambaye dakika tano baadaye nataka watu wamuonee huruma haimfai. Nikaachia zile fidla za kudonoa zifuate miruko, melodi ikaelea juu yake kwa muda wake mwenyewe, wala haijali miguu.

Jambo la maana kwenye sini za furaha ni kuhesabu. Kabla ya dakika ya 5 nilihakikisha melodi nzima, noti zote tano na mi ikiwa wazi kabisa bila mtu kuongea juu yake, imesikika mara tatu. Mara mbili nikaona hazitoshi, mara sita ni kero. Mtaona sasa hivi kwa nini nahesabu.

Taa imezimika. Kimulimuli amekaa chini ya jani, anajaribu kuwaka, haiwaki. Hapa kila mtu anafanya jambo lilelile na mimi nililifanya: punguza tempo, weka piano, geuza skeli iwe ya maina. Kwenye melodi yangu kugeuza maina ni kushusha noti moja tu, mi inashuka nusu toni, basi. Nikafanya hivo, nikajisifu, nikamchezea mwenzangu mmoja bila picha, nikamuuliza huyu nani. Akafikiri kidogo akasema "huyu si yule adui?" Nikachoka. Lakini ukikaa ukafikiria alikuwa sahihi kabisa. Kama mi ndo taa, mimi sikuizima taa, niliibadilisha rangi. Nimemfanya mdudu mwingine mwenye taa ya kijani kibaya. Huzuni ya kimulimuli si kwamba amekuwa mtu mwingine, ni kwamba bado ni yuleyule na kitu chake hakipo.

Jaribio la pili sikugusa noti hata moja, niligusa kilicho chini yake. Do ile ile, lakini chini yake badala ya kodi ya do nikaweka kodi ya la, ya maina, ambayo ina do ndani yake, kwa hiyo melodi haistuki ila sakafu imehama. So ya juu nikaiwekea kodi ya fa, na so si mwenyeji wa kodi ya fa, inaning'inia pale kama mtu aliyesimama kwenye chumba kisicho chake. Afu mi ikaja, fa bado iko chini, na hizo mbili zikiwa mbalimbali zina ule uchungu mtamu wa kukumbuka kitu. Nzuri sana. Melodi ni ileile, hata mtoto angeweza kuimba juu yake ile ya furaha ikaenda sawa, lakini unaumia. Kama kuna mtu hapa atatoka na kitu kimoja cha kwenda kujaribu leo usiku kwenye kinanda chake basi kiwe hicho, shika melodi ya meja vilevile ilivyo, hamisha kodi tu chini yake, la badala ya do, fa badala ya so, usikilize.

Ila bado. Nikawa naitazama na picha, kimulimuli anabana tumbo ajaribu kuwaka, giza, na muziki unapiga mi. Muziki unawaka wakati yeye hawaki! Nikaifuta. Nilichofanya ni kubonyeza noti moja na kuifuta, sekunde moja ya kazi baada ya siku nne za kuhangaika.

Kwa tempo 60 kila pigo ni sekunde kamili. So, sekunde moja. Do, moja na nusu. Re, nusu. So ya juu, mbili. Hapo zimepita sekunde 5. Afu mi ambayo haipo, sekunde 3, fremu 72 za kimya. Dairekta akaniambia hapa pamekatika, faili limeharibika? Nikamwambia hapana, acha. Akataka aweke hata upepo kwa nguvu, tukavutana pale, mwisho tukakubaliana upepo uwe mdogo sana, wa kuonyesha tu kwamba spika hazijazimwa. Siku tulipowaonyesha watu kumi hivi kwenye chumba, mimi sikuangalia skrini, niliwaangalia wao. Kwenye zile sekunde tatu kuna mama mmoja alivuta pumzi kama anayetaka kuimba, afu akaishikilia. Nilitaka hicho tu. Ile mi ilipigwa, ilipigiwa ndani ya kichwa chake.

Na hapo ndo hesabu ya mara tatu inaingia. Tulipojaribu kuonyesha hiyo sini peke yake kwa mtu ambaye hajaona dakika tano za kwanza, kimya kilikuwa kimya tu, aliuliza kama kuna tatizo la saundi. Huwezi kumkosesha mtu kitu ambacho hukuwahi kumpa.

Haya, popo. Hii sini nilidhani itakuwa rahisi na ndo ilinitoa jasho. Kosa la kwanza: niliweka melodi ya kimulimuli kwa nguvu, honi, ngoma, kila kitu, nikidhani nguvu ni hofu. Ikawa sherehe. Unajua melodi ya shujaa ikisikika nzima ni ahadi, inamwambia mtazamaji usijali, mwenyewe yupo. Sasa umemwahidi hivo halafu unataka aogope? Hataogopa, ataanza kutafuna karanga. Kwenye hofu mtazamaji anatakiwa ajue shujaa yupo lakini asijue kama atabaki.

Kwa hiyo nikachukua kichwa tu, so, do, re, noti tatu za kwanza, nikazipeleka chini kabisa kwenye selo, zote zikiwa na urefu sawa, nusu pigo kila moja, zinajirudia bila kupumua. So-do-re so-do-re so-do-re. Hapa nilivunja sheria yangu ya mdundo, najua, ila niliivunja nikijua, maana moyo wa mdudu unakimbia hauna muda wa kuchechemea. Na kuna hesabu ndogo tamu hapo. Baa ya mapigo manne ina nusu pigo 8. Kikundi changu kina 3. Nane haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo kila baa mpya inaanza kwenye noti tofauti, mara do inaangukia mahali pa nguvu, mara re, sikio linatafuta pa kukanyaga halipati. Mpaka baa tatu zipite, nusu pigo 24, vikundi 8 kamili, ndo so inarudi kuwa mwanzoni mwa baa.

Kwenye tempo 96 baa tatu ni mapigo 12, ni sekunde 7.5, ni fremu 180 kamili, kila pigo fremu 15. Nikamwomba animeta popo aruke kwenye fremu ya 181, pale pale vitu vinapokutana. Alikuwa amemchora akiruka fremu kama kumi mapema, akalalamika kidogo, akasogeza. Kama asingekubali ningetafuta tempo nyingine, hakuna ugomvi, unachukua sekunde za tukio, unazidisha kwa tempo, unagawanya kwa 60, unapata yamepita mapigo mangapi. Sekunde 7.5 kwa 96 inatoa 12 barabara. Kwa 100 inatoa 12.5, tukio linaangukia katikati ya pigo, na utalisikia limepwaya hata kama huwezi kueleza kwa nini.

Besi chini yake inashika so moja tu, haitikisiki. Nilijaribu do, ikawa nyumbani mno, maana do ndo nyumbani, so inakuacha nje ya mlango. Na vikundi vinne vya kwanza ni visafi, so-do-re kama tulivyozoea, ila kuanzia cha tano ile do inapanda nusu toni. Sasa ule mruko wa nusu toni 5 tuliouzoea, wa mtu anayesimama, umekuwa wa 6, na mbaya zaidi inagongana na so ya besi. Ni mruko ule ule lakini mguu umekanyaga pasipo. Wengi waliotazama hawakugundua noti imebadilika, walichosema ni kwamba "pale katikati nilianza kujisikia vibaya." Katikati ndo pale pale.

So ya juu haipo kwenye sini nzima ya popo. Mi ndo kabisa. Kuna mtu aliniuliza kwani watu watajua bado ni kimulimuli kwa noti tatu tu. Kwa dakika ya 8 wanajua. Dakika ya 2 wasingejua. Na ukitaka kupima kama umekata mno, toa picha, mchezee mtu aliyeona mwanzo wa filamu, muulize nani anakimbizwa. Akikuambia sijui, rudisha noti moja.

Mwisho wa filamu nimerudi kulekule kwenye piano, tempo 60, so, do-re, so, kodi zilezile za huzuni, kila kitu sawasawa na chini ya jani, ili watu wajue kimya kinakuja na wajiandae nacho. Na kimya kinakuja kweli. Pale ambapo mi ingetakiwa kuanza, kwenye fremu hiyohiyo, taa ya kimulimuli inawaka, bila sauti yoyote. Pigo moja linapita, fremu 24, unatazama mwanga tu. Afu filimbi, ile ya mwanzo ambayo hatujaisikia tangu dakika ya 5, inaingia peke yake na mi, fa iko chini yake, na polepole fa inahama, inakuwa do. Nilijaribu kuzipiga pamoja, mwanga na noti kwa mara moja, ikawa kama kengele ya mlangoni. Nilijaribu noti kabla ya mwanga, ikawa muziki ndo umemwasha. Ilibidi awake mwenyewe kwanza.

Basi nimeongea sana, kinanda hiki hapa na filamu ipo kwenye mashine. Aliye karibu na swichi anizimie taa, nitaanza na ile ya chini ya jani, na zile sekunde tatu naomba msikohoe.